Ahadi Si Pesa: Kupanga Gharama ya Harusi Yako

Somo la wiki. Soma kwanza: Luka 14:28-30, Mhubiri 5:4-5, 2 Wakorintho 8:12

Jumapili iliyopita mchungaji alitufundisha kutoka Luka 14, habari za yule mtu wa kujenga mnara, ambaye Yesu anasema hana budi kupiga hesabu mapema asije akakwama kwenye msingi na kuwa kichekesho cha wapita njia. Baada ya ibada vijana kadhaa walio katika darasa la ndoa walinijia pale nje. Swali lao lilikuwa moja: hesabu hiyo inapigwaje, ikiwa nusu ya pesa za harusi bado iko midomoni mwa watu?

Ni swali zuri, tena si la vijana peke yao. Yule wa mnara alikuwa anajenga kwa mfuko wake. Harusi zetu hazijengwi hivyo. Kuna wazazi, kuna baba wadogo na shangazi, kuna kamati, kuna kikundi cha WhatsApp chenye watu mia na hamsini, na kila mmoja ameandika kitu. Kwa hiyo leo sitazungumza juu ya kupunguza maua au kukodi gauni badala ya kununua; hayo mnayajua. Nataka tushike jambo moja tu: utajuaje kikomo chako cha matumizi, na michango ya familia na marafiki utaiweka wapi katika hesabu hiyo.

Nitatumia hesabu za wachumba wawili walioketi nami hapa Nakuru, ambao wameniruhusu kuzieleza bila majina. Yeye ni fundi wa umeme, binti ni mwalimu wa chekechea. Walikuja mwezi wa kwanza, harusi wakitaka iwe mwezi wa nane wakati shule zimefungwa. Kamati yao ilikuwa imeshakutana mara mbili na kuandika bajeti ya shilingi 540,000, watu 400. Niliwauliza pesa ziko wapi. Kijana akafungua simu akanionyesha orodha ndefu ya majina na tarakimu. Nikamwambia, "Hizo ni ahadi. Mimi nimeuliza pesa."

Hapo ndipo kazi inapoanzia. Chukua daftari la kawaida, lile la shule, ugawe ukurasa safu tatu. Safu ya kwanza ni pesa iliyo mkononi, yaani ambayo ukitaka kuitoa leo inatoka. Ya pili ni pesa yenye siku yake, nayo ni ile mtakayoweka akiba kutoka kwa mshahara au kazi zenu kila mwezi hadi mwezi wa kabla ya harusi. Ya tatu ni ahadi. Kikomo cha harusi yako ni jumla ya safu ya kwanza na ya pili. Basi. Safu ya tatu haiingii, hata kama aliyeahidi ni mtu wa kuaminika, hata kama ni mzee wa kanisa. Pesa ikifika, unaihamisha kutoka safu ya tatu kwenda ya kwanza. Isipofika haijamwumiza mtu.

Wachumba wetu walikuwa na akiba ya 90,000 upande wa kijana na 60,000 upande wa binti, jumla 150,000. Kabla ya kuandika chochote, niliwaomba watoe kodi ya nyumba watakayohamia, kwa sababu harusi ni Jumamosi na mwenye nyumba anakuja tarehe yake kama kawaida. Wakatenga 30,000, zikabaki 120,000. Kaka na dada za kijana walikuwa wamekutana na kutoa 40,000, zikiwa tayari kwa mweka hazina. Baba yake mdogo alikuwa ameahidi 50,000 na kutuma 20,000; tukaandika 20,000 katika safu ya kwanza, na ile 30,000 tukaipeleka kwa ahadi. Kwa hiyo mkononi walikuwa na 180,000. Wote wawili wakakubaliana kuweka 15,000 kila mwezi kuanzia mwezi wa pili hadi wa saba, miezi sita, yaani 90,000. Kikomo kikawa 270,000.

Nakumbuka sura zao. Kutoka 540,000 hadi 270,000 ni nusu kamili, na kijana akasema, "Lakini mwalimu, ahadi peke yake ni 180,000." Ni kweli, watu 46 walikuwa wameahidi jumla ya 180,000, pamoja na ile 30,000 ya baba mdogo. Na hata ukizijumlisha zote, bado hazikufika 540,000. Kamati ilikuwa imepanga kwa imani kwamba siku ya hafla ya mchango kabla ya harusi Mungu atafungua milango.

Wapendwa, naamini katika Mungu afunguaye milango. Lakini tusiitumie vibaya harusi ya Kana katika Yohana 2. Wengi huitaja kana kwamba inatufundisha kualika kwanza na kuhesabu baadaye. Isome vizuri. Divai kuisha ilikuwa shida, na Mariamu aliona ni jambo la kumwendea Yesu nalo. Hakuna aliyekuwa amepanga vyombo viishe ili muujiza utokee. Bwana alimwokoa mwenye harusi na aibu kwa neema yake, na neema huwezi kuiandika kwenye bajeti ya kamati.

Turudi kwa daftari. Katika ile 270,000 tulitoa kwanza sehemu ya kumi, 27,000, ikawa ya dharura. Haina jina la kitu chochote na haiguswi hadi wiki ya harusi. Zikabaki 243,000 za kupanga.

Sasa kuna jambo ambalo kamati nyingi hazitenganishi. Gharama za harusi ni za aina mbili. Kuna zile ambazo hazijali watu ni wangapi: pete ni mbili, wakija 100 au wakija 500. Na kuna zile ambazo zinapanda na kila kichwa: chakula, soda na maji, kiti, nafasi ndani ya hema. Ukizichanganya, utakaa mikutano mitatu mkibishana juu ya keki huku pesa inavujia kwa idadi ya wageni.

Za aina ya kwanza waliziorodhesha hivi. Pete 18,000. Mavazi yote, gauni la kukodi, suti na nguo za wasimamizi, 37,000. Picha na video 30,000. Vyombo vya sauti na mwendesha sherehe 15,000. Mapambo 20,000. Mafuta ya magari, kwa sababu magari yenyewe waliazimwa, 10,000. Usafi wa kanisa, cheti na mambo madogo ya siku hiyo 8,000. Keki shangazi alisema ni yake, na alikuwa ameshaiagiza na kuilipia, kwa hiyo hatukuiandika. Jumla ni 138,000. Ukitoa katika 243,000 zinabaki 105,000, na hizo ndizo za watu.

Mpishi aliyewapa bei nzuri alitaka 600 kwa kila mgeni, hapo ikiwa ni pamoja na pilau, nyama, mukimo, kachumbari, soda, kiti na hema. Gawa 105,000 kwa 600. Ni watu 175. Ona tulivyoipata idadi hiyo: imetoka kwenye pesa, haikutoka kwenye majina. Kamati nyingi huanza na majina, halafu zinatafuta pesa ya kuwalisha. Ukianza na majina hutamaliza, kwa maana kila jina unalolifuta ni la mtu wa mtu fulani, na huyo fulani yuko kwenye kamati.

Na hapo ndipo tulipokutana na ng'ombe.

Baba ya binti anakaa Molo. Alikuwa ameahidi fahali mmoja, na si ahadi ya maneno, kwani fahali alikuwa zizini na kila mtu alimwona. Mpishi akakubali kwamba akiletewa nyama atashusha bei kutoka 600 hadi 450. Kwa wageni 175, hiyo ni kuokoa 26,250. Kamati ikashangilia. Halafu mzee akasema kwamba yeye atakuja na majirani na watu wa kanisa lake, kama 100 hivi, juu ya wale tuliokuwa nao.

Pigeni hesabu pamoja nami. Watu 100 mara 450 ni 45,000. Fahali ameokoa 26,250. Kwa hiyo mchango huo, jinsi ulivyokuja, ungewagharimu wachumba 18,750 zaidi ya kama haungekuja kabisa. Hili hutokea kila mara na ni vigumu kulisema, kwa sababu mtu ametoa kitu kikubwa na kwa moyo. Mchango wa familia mara nyingi huja na watu wake. Aliyetoa hema anataka wakwe zake wakae mbele. Aliyelipia picha ana wanachama wa chama chake. Sisemi ni vibaya. Nasema uulize mapema, kabla ya kushukuru hadharani: "Mzee, na wageni wako watakuwa wangapi?"

Tulienda Molo, wachumba, wasimamizi wao na mimi. Hatukwenda kumnyima mzee. Binti alimwandikia baba yake hesabu kwenye karatasi na kumwonyesha. Bila fahali wana viti 175. Kwa fahali, 105,000 zikigawanywa kwa 450 ni viti 233. Akamwambia, "Baba, ng'ombe wako ameleta viti 58. Vyote ni vyako, hatuchukui hata kimoja."

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema jambo ambalo vijana wengi wa mjini hawalijui: "Mama, mimi siwezi kuwaambia majirani wabaki nyumbani. Hawa ndio walinichangia wewe ukisoma chuo. Nitawaangaliaje?"

Huyo si mzee mwenye kiburi. Ana deni la heshima, na deni hilo ni la kweli kama la benki. Ukimpunguzia watu bila kulitazama deni lake, utaokoa pesa na utampoteza baba. Basi tukarudi kwa fahali mwenyewe. Fahali aliyekuwa na uzito wa kilo 300 hivi akiwa hai, ukimchinja unabaki na karibu nusu ya uzito huo, nyama na mifupa yake. Tuseme kilo 150. Mpishi alihesabu robo kilo kwa mgeni. Kwa watu 233 ni kama kilo 58. Zaidi ya nusu ya nyama hiyo haikuwa na kazi Nakuru! Ingeishia kwenye mifuko ya watu wanaosaidia jikoni, na mnajua ninachosema.

Ikaamuliwa hivi. Fahali achinjwe Ijumaa asubuhi kwenye kichinjio, nyama ikaguliwe na kupigwa muhuri. Nusu ije Nakuru kwa mpishi. Nusu ibaki Molo, na Ijumaa jioni majirani wote waje nyumbani kumwombea binti na kumuaga kabla hajatoka kwa baba yake, wale na washibe. Wale 58 ambao mzee atawachagua mwenyewe waje Jumamosi. Mzee alicheka akasema hiyo ya Ijumaa ndiyo harusi yenyewe. Majirani wakaheshimiwa, na kikomo hakikusogea hata shilingi.

Kama familia zenu zina mazungumzo ya mahari yanayoendelea wakati huo huo, yapeni daftari lake. Usiruhusu mweka hazina wa harusi ashike pesa za mahari, wala ya harusi isiende kumalizia mahari "halafu itarudi". Huwa hairudi kwa wakati.

Sasa turudi kwa ile safu ya tatu, ahadi. Hatukuzitupa. Tulizipangia kazi ambayo inaweza kungoja. Kuna vitu katika harusi ambavyo ni lazima ulipe sehemu mapema ili ushikiwe nafasi: mpishi, uwanja, mpiga picha. Wengi wao hawarudishi malipo hayo ya kwanza ukibadilisha nia, na mara ukisha kuweka sahihi kwa watu 400, deni ni la watu 400. Vitu hivyo vinunuliwe kwa pesa ya safu ya kwanza na ya pili tu. Halafu kuna vitu ambavyo unaweza kuviongeza wiki tatu au nne kabla ya siku, na visipokuwepo harusi bado ni harusi. Viandikeni kwa mpangilio, cha kwanza, cha pili, cha tatu, kamati ikubali na kuweka sahihi mapema, ili pesa ikiingia pasiwe na kuvutana.

Orodha ya nyongeza ya wachumba hawa ilikuwa na vitu vitatu. Kwanza, matatu nne za kuwaleta watu wa Molo, 22,000. Matatu ya abiria 14 mara nne ni watu 56, na wawili wangepanda na mzee. Zisipopatikana, wageni wajilipie nauli, na mzee aliambiwa hivyo tangu mwanzo. Pili, viti 40 vya ziada kwa kwaya na vijana wenzao, 18,000. Tatu, godoro na jiko la gesi.

Na kukawa na siku ya kufunga daftari, majuma manne kabla ya harusi. Ilitangazwa kwa kila aliyeahidi, kwa upole, na sababu ikatolewa: baada ya siku hiyo mpishi anapewa idadi ya mwisho na hakuna kuongeza. Ahadi isiyo na tarehe hukaa tu. Mtu hana nia mbaya. Ana karo, ana mgonjwa, anaona harusi bado iko mbali. Ukimpa tarehe, atatoa au atasema hawezi, na yote mawili yanakusaidia.

Siku hiyo ilipofika, kati ya 180,000 zilikuwa zimeingia 74,000. Kwa sababu hakuna kilichokuwa kimesainiwa juu ya zile ambazo hazikuja, hapakuwa na kikao cha usiku wala simu za kubembeleza watu. Matatu zikalipwa 22,000, viti 40 vikalipwa 18,000, zikabaki 34,000 za godoro na jiko. Kamati ikawaeleza waliochanga pesa hiyo imefanya nini, kila kitu kwa bei yake. Hilo la mwisho nalisisitiza. Pesa aliyotoa mtu kwa ajili ya harusi ikienda nyumbani kwa maharusi, aambiwe. Wengi watafurahi, wachache watanung'unika, lakini hakuna atakayesema ameibiwa.

Linganisha na ile bajeti ya kwanza, ambayo tayari ilikuwa imemhesabu fahali. Toa 540,000, ondoa 270,000 zao, ondoa 74,000 zilizoingia. Pengo ni 196,000. Nani angelijaza? Mpishi hangengoja. Kwa kawaida hapo ndipo bwana harusi anakimbilia chama cha akiba na mkopo. Tuseme amepata 200,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, alipe kwa miezi 24. Atakatwa kama 9,400 kila mwezi kwa miaka miwili, na mwishoni atakuwa amelipa karibu 226,000. Fikiria mtoto wa kwanza anazaliwa na pilau ya harusi bado inalipiwa! Na wadhamini wake ni akina nani? Ni ndugu wa ushirika, wale wale waliokuja kula. Akishindwa, akiba zao ndizo zinazokatwa. Nimeona ushirika wa nyumbani ukivunjika kwa jambo kama hili, na hakuna aliyekuwa mlevi wala mwizi.

Mkopo wa simu ni mbaya zaidi, kwa maana unachukuliwa Alhamisi usiku bila mwenzako kujua. Wachumba, kubalianeni sasa kwamba hakuna hata mmoja atakayekopa kwa ajili ya harusi bila mwingine kusikia. Kama hilo linawashinda kukubaliana, harusi si shida yenu ya kwanza.

Mtajuaje kwamba mambo yanaanza kuharibika? Mimi huangalia vitu viwili katika kumbukumbu za kamati. Ikiwa katika mikutano miwili mfululizo jumla ya ahadi imepanda na pesa mkononi imekaa pale pale, simamisheni kila kitu hadi mjue kwa nini. Na mtu akisema "hiyo tutachanga siku hiyo hiyo", mwulizeni atakayelipa ikiwa siku hiyo itanyesha. Kwa kawaida chumba hunyamaza. Na pesa zote zipitie laini moja ya M-PESA ya mweka hazina, ambaye asiwe bwana harusi wala bibi harusi. Na kila Jumapili atume salio kwa kamati, hata kama wiki hiyo hakuna kilichoingia. Wiki ambayo salio halikutumwa ndiyo wiki ya kuuliza.

Kuna swali la wageni wasio na kadi, na kanisani kwetu hili haliepukiki. Ndoa ikitangazwa, kila mtu ni ndugu. Ibada iko wazi kwa wote, na inafaa iwe hivyo. Chakula ni kitu kingine, lakini sijaona shemasi anayeweza kumzuia mama mzee kwenye mlango wa hema. Hawa wawili walikuwa na viti 233 na 40, jumla 273. Walimwambia mpishi apike ya 300, na zile sahani 27 za ziada, 12,150, zikatoka katika ile 27,000 ya dharura. Mchana stima ikapotea, jenereta ikakodiwa 8,000 kutoka huko huko. Zikabaki 6,850, wakarudi nazo nyumbani.

Kwa wale wachumba ambao hata 270,000 ni ndoto: kikomo chako kinaweza kuwa 40,000, na ndoa ikawa kamili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka mashahidi wawili, haikutaja hema. Tunaweza kufungisha ndoa baada ya ibada ya Jumapili, chai na mandazi vikatolewa na idara ya akina mama, na sioni sababu ya mtu kukaa na mwenzake miaka mitatu bila agano kwa sababu anangoja pesa za wageni. Njooni tuzungumze.

Neno kwa sisi tunaoahidi, maana tukimaliza na vijana tumejisahau. Mhubiri 5 inatuonya juu ya nadhiri tusizotimiza, na ingawa hapo anazungumzia nadhiri kwa Mungu, tukisimama mbele ya kanisa tukaomba kuandikiwa 10,000, nani hasa anayetusikia? Paulo naye katika 2 Wakorintho 8 anasema Mungu anampokea mtu kwa kile alicho nacho. Kwa hiyo kama una 1,000, toa hiyo 1,000 leo na ukae chini. Kwa kijana anayeandika daftari lake, hiyo inamnunulia mgeni mmoja na wa pili juu. Ile 10,000 uliyoitaja ili usikike haimnunulii hata soda. Na kama uliahidi kwa nia njema halafu mambo yakakugeukia, mpigie mweka hazina kabla ya siku ya kufunga daftari, umwambie tu, "Ndugu, nimeshindwa." Atafuta jina lako, na Jumamosi utakuja kula kama wengine.

Wachumba wote wa darasa la ndoa, Jumapili ijayo saa nane mje na daftari lenye safu tatu, mmelijaza wawili pamoja. Leteni pia bei mlizopewa na mpishi, kwa kila mgeni, ikiwa imeandikwa na ina tarehe. Majina ya wageni msije nayo bado.